Ndama wa Miaka Thelathini

Asubuhi ile karandinga lilipowashusha mahabusu nyuma ya mahakama ya wilaya, pale Biharamulo, Desderius alikuwa ameshaamua. Akiulizwa tu, anakiri. Maneno alikuwa nayo mdomoni tangu wanatoka gerezani: ni kweli, nimekosa, naomba mnisamehe.

Aliyempa akili hiyo ni Idefonsi, mzee mmoja wa gongo aliyekuwa anaijua rumande kama watu wengine wanavyojua shamba lao.

"Sikiliza mwanangu," Idefonsi alimwambia wakiwa wamefungwa pingu moja. "Mahakama haipendi mbishi. Mimi baiskeli ya Padri niliiba, nikasema ni kweli, nikalia kidogo. Miezi sita! Mwenzangu akabisha, akaleta mashahidi, akaleta nini, akapigwa miaka miwili. Baiskeli ile ile!"

"Na mimi sikuiba baiskeli, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia ulie zaidi."

Na kwao Desderius, Kasulo ya Ngara, mambo ndivyo yalivyo. Ukimkosea mtu huendi kubishana. Unabeba rubisi, pombe ya ndizi, unakwenda na wazee wawili, unasema nimekosa. Mwenyewe atafoka, atakutukana mpaka ukoo, halafu atanyoosha mkono apokee mrija. Yamekwisha. Sasa Desderius alijiona kweli amekosa. Alikwenda Nyantakara kwa Mzee Frednand mchana kweupe, akaingia zizini bila hodi, akamfungua ndama, mchungaji alipomshika akamsukuma akaanguka kwenye mavi ya ng'ombe, akaondoka na ndama bila kuaga. Kumchukua ndama, hapo hakuona kosa, maana ndama ni wake. Lakini kutokuaga? Mtu mzima, na shikamoo hujatoa? Hilo ni kosa, na kwa hilo alikuwa tayari kuinamisha kichwa.

Tatizo, bwana, ni kwamba pale mahakamani kosa halikuandikwa "kutokuaga."

Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara, na barabara ya kwenda Rusumo ilikuwa moto. Malori yanatekwa, wenye maduka wanavamiwa, watu wanakatwa mapanga. Polisi nao walikuwa wamechoka kulaumiwa. Kwa hiyo Desderius alipotokeza pale njia panda ya Lusahunga anaswaga ndama, fimbo mkononi, na nyuma yake mchungaji anakuja mbio anapiga yowe "mwizi, mwizi," hawakumuuliza habari za shikamoo. Walimwandikia unyang'anyi wa kutumia silaha. Silaha yenyewe ni fimbo ya kuchungia. Dhamana hakuna kwa kosa hilo, akalala ndani toka siku hiyo.

Mahakamani aliitwa kwanza mkimbizi mmoja Mrundi, Niyibizi, kijana mwembamba wa kambini. Yeye na wenzake ambao hawakukamatwa walikuwa wamemtishia mtu kwa panga wakachukua gunia la mahindi. Mwendesha mashtaka, inspekta mmoja wa polisi mwenye sauti ya redio, akasoma shtaka. Hakimu Agripina, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa na kamba shingoni, akauliza ni kweli au si kweli.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Naomba msamaha."

Inspekta akasoma maelezo yote, panga, gunia, usiku, wenzake. Hakimu akauliza tena taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayemwombea aseme lingine. Kijana akaitikia vyote. Ni kweli, Mheshimiwa. Ni kweli, Mheshimiwa. Akatiwa hatiani. Akaulizwa ana la kusema apunguziwe adhabu, akasema ana mama kambini haoni vizuri, hajawahi kushtakiwa, walikuwa na njaa, posho ilikuwa imepunguzwa. Watu kwenye mabenchi wakaguna kwa huruma. Hata Inspekta akasema hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma.

Desderius akamtazama Idefonsi. Idefonsi akakonyeza: unaona? Miezi sita hiyo.

Hakimu alivua miwani.

"Niyibizi, nimekusikia," alisema. "Umekiri, hujaisumbua mahakama, ni kosa lako la kwanza. Kwa kosa lingine mambo hayo yangekusaidia. Kwa hili sheria imeniwekea sakafu, na chini ya sakafu siwezi kwenda, hata ningetaka. Unyang'anyi wa silaha ni miaka thelathini kwenda juu. Nakupa hiyo ya chini kabisa. Miaka thelathini, na viboko kumi na viwili. Una haki ya kukata rufaa."

Kijana hakulia. Alimgeukia bwana jela kama anamuuliza amesemaje.

Desderius akapiga hesabu. Miaka thelathini! Yeye alikuwa na thelathini na nne. Angetoka mzee, meno hana, watoto hawamjui, mkewe Domisiana ameshaolewa na mwingine ama amekufa. Na hakimu mwenyewe amesema: kulia kwako, mama yako, njaa yako, vyote vinafika mezani kwake na havina pa kukaa.

"Desderius!"

Akasimama. Shtaka likasomwa: kwamba akiwa na silaha, yaani fimbo, alimnyang'anya Evaristi, mchungaji, ndama mmoja jike mali ya Frednand.

"Ni kweli au si kweli?"

Maneno aliyotoka nayo gerezani yaligoma kutoka. Nyuma yake Idefonsi ananong'ona, "Kiri, kiri, lia." Desderius akamsikia, halafu akamsikia tena Niyibizi anaitikia kipande kwa kipande.

"Mheshimiwa, fimbo ni kweli," alisema. "Mimi natembea na fimbo. Kumsukuma Evaristi ni kweli. Ndama kumchukua ni kweli. Lakini mali ya Frednand si kweli! Ndama ni wangu. Nitanyang'anyaje changu?"

Watu wakacheka. Inspekta akadakia, "Mheshimiwa, si amekubali yote huyu? Aandikwe amekiri."

"Kaa chini, Inspekta." Hakimu alikuwa tayari anaandika, na anasoma kwa sauti anachoandika. "Mshtakiwa anasema ndama ni wake. Huko siyo kukiri. Mahakama inaandika amekana. Shauri litasikilizwa."

Kwenye karandinga Idefonsi alimnunia njia nzima. "Umeharibu," alisema mwishoni. "Basi shauri yako. Mimi nikitoka nitampelekea mkeo salamu zako za miaka thelathini."

Wiki zikapita, kesi inatajwa inaahirishwa. Siku moja akiwa pale nyuma ya mahakama anasubiri, Inspekta akamfuata. Akamwambia bwana jela asogee kidogo. Domisiana alikuwepo, ameleta ndizi kwenye kikapu.

"Desderius, mimi sikulazimishi," Inspekta alianza, sauti ya redio ameipunguza. "Nimeangalia jalada lako. Fimbo si bunduki. Nikiiondoa hii hati ya mashtaka nikaleta nyingine ya wizi wa mifugo, wewe ukakiri, tunamaliza siku hiyo hiyo."

"Na adhabu?"

"Miaka mitano."

"Si ndama mmoja tu, afande? Hakimu hawezi kunipa hata mwaka mmoja?"

"Wizi wa mifugo nao una sakafu yake. Mitano kwenda juu. Hapo hakimu hana ujanja, awe anakupenda, awe anakuchukia. Lakini ukiwa na tabia nzuri unasamehewa theluthi, unatoka miaka mitatu na kitu. Ukibisha tukakushinda kwenye hii ya silaha, umesikia mwenyewe yule Mrundi. Fikiria. Sitakuja tena."

Akaondoka, viatu vinalia.

Domisiana akaweka kikapu chini. "Chukua," alisema.

"Nichukue nini?"

"Mitano, baba Nice. Mitatu na kitu. Nitakusubiri. Thelathini siwezi kukusubiri, nakwambia ukweli wangu, nitakufa kabla."

"Lakini sikuiba! Wewe unajua sikuiba. Si wewe ulikuwa unamkamua mama yake huyo ndama?"

"Najua! Na hakimu hajui. Ukienda kubahatisha ukakosa, kujua kwangu kutakusaidia nini?"

Hapo ndipo pagumu penyewe. Mtu hajaiba, na bado hesabu inamwambia akubali kaiba, maana kusema ukweli kunaweza kumgharimu miaka ishirini na mitano ya ziada. Desderius alichukua ndizi, hakuimenya. Mitano ilikuwa inamvuta, asikudanganye mtu. Kila akifikiria thelathini, mitano inakuwa kama zawadi.

"Nikisema niliiba," alisema polepole, "yule ndama ni wa Frednand moja kwa moja. Miaka sita tumemlishia ng'ombe wake bure. Nice akienda shule wanamwita mtoto wa mwizi, na mimi mwenyewe nimetia saini. Domisiana, siwezi. Mwambie Inspekta siwezi."

Domisiana akafanya ambacho Desderius hakukitegemea: alicheka, cheko la hasira.

"Mbishi kama mbuzi wa kwenu," alisema. "Haya. Kama ni kubisha, basi tubishe kweli. Ng'ombe wa Frednand wako kwa nani na nani sasa hivi?"

"Wako wengi. Nusu ya Nyantakara wanamfugia."

"Basi kula ndizi," alisema Domisiana, akajifunga kanga kiunoni, akaondoka bila kuaga.

Hapa lazima mtu aelewe kuragiza. Mwenye ng'ombe wengi hawezi kuwalisha wote zizi moja, anamkabidhi mwenzake. Mfugaji anapata maziwa, anapata samadi ya migomba, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa, ndama jike mmoja ni wake. Hakuna karatasi. Kuna rubisi inayonywewa siku ya kukabidhi, na waliokunywa ndio ushahidi. Desderius alimpokea Bihogo, ng'ombe wa Frednand, kabla hata ya wakimbizi. Kambi zilipokuja, miti ikaisha, majani yakaisha, milima ya Kasulo ikabaki kipara. Frednand akaja akamchukua Bihogo na watoto wake wote, akawapeleka Nyantakara kwenye malisho. Ndama wa Desderius, akasema, atampa. Mwaka ukaisha. Akaenda kuuliza, akaambiwa atampa. Akaenda tena, akaambiwa Mzee amelala. Ndiyo siku aliyoingia zizini bila hodi.

Siku ya kusikilizwa, mahakama ilijaa. Desderius alipoingia kizimbani alishangaa. Mabenchi yote yalikuwa na watu wa Nyantakara, wanaume na kofia zao magotini, wanawake wananyonyesha. Mbele kabisa alikaa Speciosa, bibi wa Kasulo aliyepika rubisi siku ya kukabidhiwa Bihogo, kapanda lori kutoka huko. Domisiana pembeni yake, mkavu, kama hajui lolote.

Evaristi akawa shahidi wa kwanza. Akasema alichokiona: amesukumwa, suruali imeharibika, ndama kaondoka. Hakimu akamwambia Desderius aulize maswali, wakili hakuwa naye.

"Shikamoo... aa, wewe ni mdogo wangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri kaka."

"Uliza maswali, siyo habari za nyumbani," alisema Inspekta.

"Fimbo nilikupiga nayo?"

"Hapana. Ulinisukuma na mkono."

"Nilikutishia nayo?"

Evaristi akafikiri. "Ulikuwa unamswagia ndama."

"Nilisemaje nilipokuwa naondoka?"

"Ulisema, mwambie Mzee nimechukua wangu, amechelewa sana."

Minong'ono ikapita mabenchini. Hakimu aliandika hilo, akaliandika polepole.

Akaja Frednand. Koti zito, fimbo ya kichwa cha shaba, akaketi taratibu kama mtu aliyezoea kupishwa. Akasema ndama ni wake, mama yake ni wake, alama ya sikio ni yake. Akamaliza, akapangusa mikono.

Desderius akasimama. Akashika ubao wa kizimba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Bihogo alikaa kwangu miaka mingapi?"

"Sita."

"Alizaa kwangu?"

"Alizaa."

"Mara ngapi?"

"Mara nne."

"Mzee, mimi nilipewa ndama gani?"

Frednand akafungua mdomo. Unajua, angeweza kusema pale pale, hakuna makubaliano ya ndama, mwongo huyu. Neno moja tu, na Desderius anaelekea miaka thelathini. Lakini alipoinua macho aliwaona. Bigirimana anayemfugia wale weusi wawili. Kanyange mjane anayemfugia ng'ombe wake Gaju. Kila uso ule ulikuwa na ng'ombe wake nyumbani, na kila uso ulikuwa unasubiri kusikia kama ndama wa mfugaji yupo ama hayupo. Akisema hayupo, kesho asubuhi ng'ombe wake wote wanarudishwa mlangoni, na majani hana, na mikono ya kuwachunga hana.

"Jibu swali," alisema Hakimu.

"Bado," alisema Frednand.

"Bado nini?"

"Bado sijampa. Nilikuwa... ningempa mwaka huu."

"Kwa hiyo ni haki yake ndama mmoja?"

Jasho lilikuwa linamtoka mzee wa watu. "Kwa desturi, Mheshimiwa, ni haki yake. Lakini alitakiwa angoje!"

"Angoje mpaka afe?" Kanyange alipayuka kutoka benchini, na mahakama nzima ikalipuka. Karani akagonga meza. Hakimu akawatazama mpaka wakanyamaza, ila mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

Inspekta alibaki amesimama, kalamu mkononi. Alikuwa mtu mkali lakini si mjinga. Aliona jalada lake linavuja pande zote.

"Mheshimiwa, kabla sijafunga upande wangu," alisema, "naomba kubadilisha hati ya mashtaka. Naondoa unyang'anyi. Naleta shambulio la kawaida, dhidi ya Evaristi."

Desderius hakuelewa. Alifikiri ni ule mtego wa mitano umerudi. "Mimi wizi sikubali!" alisema kwa nguvu. "Hata mitano sikubali!"

"Tulia, Desderius," alisema Hakimu Agripina, na sauti yake ilikuwa tofauti, imelegea. "Wizi haumo. Mtu akichukua kitu anachoamini kwa dhati ni haki yake, sheria haimwiti mwizi wala mnyang'anyi, hata kama amekichukua vibaya. Linalobaki ni moja. Unashtakiwa kwamba ulimsukuma Evaristi. Kosa hili halina sakafu. Ukikiri naweza kukufunga, naweza kukutoza faini, naweza kukuachia. Kukana pia ni haki yako, na ukitaka mashahidi hawa wataitwa tena. Umeelewa?"

"Halina sakafu?"

"Halina."

Desderius akamgeukia Evaristi aliyekaa benchi la mashahidi. Maneno yale ya gerezani, yaliyokuwa yamegoma miezi yote, yakatoka yenyewe bila kusukumwa.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nilimsukuma, akaanguka kwenye mavi. Nimekosa. Evaristi, mdogo wangu, nisamehe."

"Nimesamehe, kaka," alisema Evaristi, "ila suruali ilikuwa mpya."

Hapo hata Hakimu alicheka. Inspekta akaeleza mambo yalivyokuwa, Desderius akakubali yote, akatiwa hatiani. Halafu mama yule akavua miwani, akaiacha ining'inie, akamsikiliza Desderius akijieleza, na safari hii kila kilichosemwa kilipata pa kukaa. Kwamba ni kosa la kwanza: akaliandika. Kwamba amekaa ndani miezi kumi na moja: akaliandika. Kwamba ameomba radhi na amesamehewa: akaliandika, akapiga mstari chini yake.

"Wiki nzima hii," alisema, "nimesoma adhabu zilizoandikwa na wengine kabla sijamuona mshtakiwa. Leo naandika mwenyewe. Desderius, unaachiwa kwa sharti usitende kosa kwa miezi kumi na miwili. Utamlipa Evaristi suruali. Ndama aliyeko polisi, kwa kuwa mlalamikaji amekiri ni haki ya mshtakiwa, apewe mshtakiwa. Nenda zako nyumbani."

Kelele zilizotoka pale zilisikika sokoni. Speciosa alipiga vigelegele kama harusi. Domisiana alimrukia mumewe pale pale kizimbani, bwana jela anamvuta, yeye anamsukuma bwana jela. Mabenchi ya Nyantakara yalitoka kwa mpigo mmoja na kumzunguka Frednand nje, na Bigirimana akamuuliza kwa heshima zote, kofia mkononi, "Mzee, na wangu ningoje mpaka lini?" Frednand akataja mwezi. Mbele ya watu wote. Kanyange akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

Idefonsi alikuwa pale nyuma, kaletwa kwa kesi nyingine ya gongo. Desderius alipopita alimshika bega.

"Mzee, kulia ni kwa kesi za miezi sita," alimwambia. "Ikiwa ni mambo ya sakafu, uliza kwanza."

"Yule Mrundi mdogo wamempeleka gereza la Butimba," alisema Idefonsi, bila kicheko.

Desderius akasimama kidogo. "Amekata rufaa?"

"Jamaa wa ofisi ya gereza alimwandikia. Anangoja."

Akamwachia ndizi alizoletewa na Domisiana asubuhi ile.

Ndama, bwana, hakuwa ndama tena. Kule polisi askari walikuwa wanamlisha majani ya kiwanja, amekuwa mtamba, pembe zimechomoza, ana kiburi. Alimkataa Desderius, akamkataa Domisiana. Ilibidi Evaristi aje, amwimbie kidogo, ndipo akakubali kutembea. Wakashika barabara ya Lusahunga wote wanne, mtamba katikati. Lori moja la mizigo likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

"Panda wewe na mama, ng'ombe mwache aje na huyo!"

"Haachwi huyu!" Desderius alimjibu. "Alishaachwa vya kutosha!"

Dereva akapiga honi ndefu, akapita, na mtamba akaruka akaanza kukimbia mbele, nao wakamfuata mbio, Domisiana kanga mkononi, Evaristi anacheka, Desderius anapiga yowe barabarani hajali nani anamsikia. Njia panda ya Lusahunga polisi wa kizuizi waliwaona wanakuja. Mmoja akamtambua.

"Wewe! Huyo ng'ombe wa nani?"

"Wangu!" alisema Desderius, na hakupunguza mwendo.